Nafasi ya Msikilizaji

Nchagwa Mseti hakuwa na cheti cha kilimo, hakuwa na pikipiki, hakuwa na kofia yenye nembo ya mradi wowote, hakuwa na projekta, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mjomba wilayani, na hakuwa na uwezo wa kunyamaza. Hili la mwisho yeye mwenyewe hakulihesabu kuwa ni upungufu.

Alichokuwa nacho ni migomba. Ugonjwa wa mnyauko ulipita kijijini kwake Nyamwaga kama mtoza ushuru, haukuruka boma la mtu. Majani yaligeuka njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukikata mkungu unatoka usaha wa njano kama wa jipu. Mashamba ya jirani yalibaki visiki. La Nchagwa lilisimama. Wapo waliosema ana dawa ya mganga wa Ikoma. Yeye alisema ana akili, na alilisema hilo kila mahali: kisimani, msibani, na mara moja katikati ya mahubiri, mchungaji alipotua kuvuta pumzi.

Sasa Umoja wa Wakulima wa Migomba ulitafuta mkulima mmoja wa kufundisha wenzake, kuanzia Tarime hadi Ringwani kule Serengeti. Nchagwa aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu alipoposa. Miaka yote hiyo alikuwa akisema bure, kwa watu waliokuwa wakichungulia mlango. Huku angesema kwa barua ya uteuzi.

Aliyetumwa kumpima ni Philomena, afisa wa Umoja, mama wa makamo aliyekalia kiti cha plastiki bila kukiamini.

"Mzee Nchagwa," alisema, "kwamba unajua kusema, hilo nimeshalijua. Hata kuku wako wanalijua. Hotuba yako sitakuja kuisikiliza."

"Sasa utanipimaje, mama?"

"Fanya hotuba yako siku unayotaka mwezi huu. Mwisho wa mwezi nitakuja nipite nyumba za waliokusikiliza, niwaombe karatasi uliyowapa."

"Karatasi gani?"

"Karatasi ya msikilizaji. Ina mambo makuu kwa kifupi, na ina nafasi ya yeye mwenyewe kuandika. Nikikuta wameandika kitu chao, kazi ni yako. Nikikuta wamefungia chumvi, nitamtafuta mwingine."

Nchagwa alicheka kwa pengo lake lote. Karatasi tu? Aliyesoma elimu ya watu wazima kwa taa ya chemli, akashinda imla mbele ya wake za watu, ashindwe na karatasi?

Usiku na mchana aliandika. Alipomaliza alikuwa na mambo makuu kumi na saba, na kila jambo kuu lilikuwa na watoto wake. Alianza na asili ya mgomba duniani. Alijaza ukurasa wa mbele, akajaza wa nyuma, na pembezoni akaandika kwa wima yale aliyokuwa ameyasahau. Kisha akamwita mkewe, Waisiko, akampa karatasi, akasimama mbele yake kama mbunge.

"Mama Gati, wewe ndiye mkutano. Sikiliza."

Akaanza. Waisiko naye akaanza, ila yeye alikuwa anasoma. Nchagwa alipofika jambo la nne, mkewe alikunja karatasi akaiweka mapajani.

"Mbona umekunja?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Mimi bado nasema!"

"Nimekuona unasema. Lakini yote yamo humu, Baba Gati. Mimi nimeshafika mwisho, nimekusubiri, naona huji."

"Si ulitakiwa kusikiliza!"

"Ungenipa cha kusikiliza. Hapa umenipa cha kusoma." Aliifunua tena, akaigeuzageuza. "Na huyo mama amesema kuna nafasi ya kuandika. Iko wapi? Hapa hata chawa hapati pa kupita."

Nchagwa alisema wanawake hawaelewi mambo ya hotuba, kisha asubuhi akapanda basi dogo kwenda Tarime mjini, Bomani, kwa mwanamke mwingine.

Huyo alikuwa Rukaya, mwenye duka la steshenari karibu na maofisi. Wazazi wake walitoka Tanga na biashara ya nguo, na yeye amezaliwa hapahapa, ila ulimi wake ulibaki wa pwani: laini unapoingia, mkali unapotoka. Kwa Rukaya ndiko kulikopigwa chapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na maombi ya kazi ya nusu ya wilaya.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nataka hii nakala hamsini."

Rukaya aliitazama karatasi, akaisogeza mbali, akaivuta karibu.

"Mzee wangu, hii ni ya nini? Mkataba wa ndoa ya mitala?"

"Ni karatasi ya msikilizaji."

"Huyo msikilizaji amekukosea nini?"

Nchagwa alieleza kwa urefu. Rukaya alimwacha aseme huku akihudumia wateja watatu, kisha akavuta kigoda.

"Nisikilize. Hotuba iko mdomoni mwako, na humo haiwezi kuisha, nimeshaona. Karatasi haibebi hotuba. Karatasi inabeba mifupa. Nyama utatia wewe kwa kusema, na chumvi atatia msikilizaji kwa kalamu yake. Ukimpa mifupa, nyama na chumvi, atakula aondoke. Sasa niambie mifupa. Mtu akisahau yote, asisahau nini?"

"Yote kumi na saba."

"Haya. Nyumba yako inaungua. Unatoa mambo mangapi?"

Walibishana hadi adhana ya mchana. Asili ya mgomba ikafa kwanza, na Nchagwa aliisindikiza kwa huzuni. Historia ya shamba lake ikafuata. Shukrani kwa wazazi, nazo. Mwisho yalibaki manne, na Rukaya aliyaandika kwa herufi kubwa, kila moja likianza na neno la kutenda.

Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, mara chane ya mwisho inapotokea. Choma panga kwenye moto, au lichovye kwenye maji ya jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kata mgomba mgonjwa usawa wa ardhi. Panda miche iliyotoka shamba safi tu.

"Mbona hujasema kwa nini usitumie panga kuvunja ua?" Nchagwa aliuliza. "Kwamba panga linabeba ugonjwa? Na kwamba wadudu wanauokota kwenye ua hilo?"

"Hilo si utasema wewe? Au unataka karatasi ikunyang'anye kazi?"

Kwa mara ya kwanza Nchagwa aliona karatasi ina adabu.

Akatoa picha yake ya mgomba mgonjwa, ya rangi, aliyopigiwa kwa simu ya mkwewe. Rukaya akaipitisha kwenye mashine ya kutoa kopi, akamwonyesha. Majani ya njano na majani ya kijani yote yalitoka kijivu. Mgonjwa na mzima walikuwa mapacha.

"Ukiwapa hii watakata migomba yote ya kata," alisema. "Tuchore kwa mistari mitupu. Jani lililonyauka tulikunje, lining'inie. Mstari haudanganyi kwenye kopi."

Kwenye nafasi ya kuandika waligombana tena. Rukaya alitaka mistari ya karibukaribu, ionekane nadhifu. Nchagwa aliweka kiganja chake mezani, kama anaweka jembe.

"Mkono huu uandike humo? Sisi tukiandika herufi moja, inakaa kwa nafasi kama ng'ombe. Panua."

Rukaya akapanua. Akaweka mambo makuu upande wa kushoto, mistari upande wa kulia, ili kila jambo liwe na nafasi yake ubavuni na mtu asitafute. Nyuma akaacha patupu, maana karatasi ile ni nyepesi na wino wa upande mmoja ungechungulia upande wa pili. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na fundi haachi kazi bila urembo, akaongeza vya kwake. Juu aliweka nembo ya Umoja na namba. Chini ya jina la somo aliweka vidoti: Jina, vidoti. Kitongoji, vidoti. Na mwisho wa karatasi, kwa sababu kila karatasi nzuri aliyowahi kuipiga chapa ilimalizikia hivyo, aliweka: Sahihi, vidoti.

"Hapo sasa imekuwa karatasi," alisema.

Nchagwa aliitazama, akakubali. Ilifanana na kitu cha serikali. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na wote wawili walilipenda.

Hotuba ilifanyika darasani kwenye shule ya Jumapili. Watu walikuja wengi, baadhi kwa ajili ya migomba, wengine kwa sababu Waisiko alikuwa amepika. Karatasi ziligawiwa, na kalamu. Darasa likanyamaza. Nchagwa alidhani wamevutiwa.

Aliyesimama ni Filemoni. Filemoni alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na tangu alipostaafu aliendelea kuhukumu bila mshahara.

"Mura," alimwambia Nchagwa, maana walitahiriwa msimu mmoja, "hapa kuna nini?"

"Wapi?"

"Hapa." Alionyesha upande wa kulia. "Mistari mitupu."

"Ni nafasi. Ya wewe kuandika."

"Niandike nini?"

"Chochote unachotaka."

Filemoni aligeukia mkutano. "Mmesikia? Chochote. Na huku chini niweke sahihi. Na juu kuna namba. Nimekaa mahakamani na macho haya. Mtu anaweka sahihi chini ya nafasi tupu, anakwenda nyumbani analala. Akiamka, ile nafasi imeshazaa. Imezaa deni, imezaa mpaka mpya, imezaa mke wa pili. Nafasi tupu juu ya sahihi ni boma lisilo na lango!"

Mtu wa nyuma akakumbusha kuhusu wale wapimaji wa ardhi waliopita na karatasi za tathmini, wa kampuni iliyokuja na viatu vizuri na haikuonekana tena. Waliotia sahihi kabla karatasi hazijajazwa wanajua walichokuta kimejazwa. Mwanamke mmoja, Wegesa, aliangalia karatasi yake kama aliyegundua ameshika nyoka kwa mkia.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

"Tunafanya kama mahakamani," alisema Filemoni. "Nafasi yoyote tupu, unaichora mstari mkubwa kutoka kona hadi kona. Hakuna atakayeongeza neno. Choreni!"

Wakachora. Darasa zima liliinama kwa bidii ambayo walimu wa shule ile walikuwa hawajawahi kuiona. Kalamu zilikwaruza. Nafasi zilizopimwa kwa kiganja, zilizogombaniwa hadi adhana, zilifungwa zote kwa mistari minene, kona hadi kona, na wengine wakachora mara mbili kwa usalama. Sahihi hakuweka mtu. Kisha wakainua nyuso, wakiwa wametulia kabisa.

"Sasa endelea, tata," mtu alisema kwa upole, akimwita baba kwa Kikurya. "Tunakusikiliza."

Nchagwa alisema kwa muda mrefu sana. Alisema yale manne, akasema na yale kumi na matatu aliyoyazika Bomani, maana maiti zote zilifufuka. Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Karatasi nyingine zilibaki kwenye madawati, zimefungwa salama.

Jioni Waisiko alizikusanya.

"Angalau wameandika," alisema.

"Nyamaza."

"Wewe ndiye wa kuniambia ninyamaze? Leo? Umewaachia nafasi kwenye karatasi, Baba Gati, mdomoni je? Hata wasingechora, wangeandika saa ngapi? Ulikuwa unamwaga maneno kama mvua ya masika, mtu atainama kuandika au ataogelea?"

Nchagwa hakujibu, jambo ambalo lilimtisha mkewe kiasi cha kumwekea maji ya kuoga bila kuombwa.

Siku iliyofuata alizipeleka karatasi zile Bomani, akazitandaza mbele ya Rukaya kama ngozi za wanyama waliouawa.

"Wamezifuta!" Rukaya aliona uchungu hasa. "Nafasi zangu! Washenzi gani hawa?"

"Ni watu wenye akili. Tumewapa fomu, wakafanya kinachofanywa kwenye fomu. Ulipotia vidoti vile na sahihi, nafasi haikuwa yao tena. Ilikuwa yetu."

"Wewe si ulifurahi? Ulisema inafanana na ya serikali!"

"Nilisema. Mimi ni mjinga mwenzako. Tengeneza nyingine."

Lakini kabla ya kutengeneza alikwenda kwa Filemoni. Njia nzima alijifunza namna ya kuomba, kwa sababu hakuwa na mazoezi. Alimkuta Filemoni akimsemesha ng'ombe wake.

"Mura, nimekuja unihukumie karatasi."

"Niliihukumu."

"Nihukumie nyingine kabla haijazaliwa. Niambie iweje, ili wewe, Filemoni, uishike bila kuichora."

Hakuna mzee wa baraza aliyewahi kuikataa kesi ya namna hiyo. Filemoni aliketi, akatoa masharti polepole, akiyafurahia kila moja. Isiwe na jina la mtu. Isiwe na sahihi wala mahali panapofanana na sahihi. Isiwe na namba, isiwe na muhuri, isiwe na vidoti hata kimoja, maana vidoti ni nyayo za mwizi. Na mwenye karatasi aondoke nayo siku hiyohiyo, wewe mwenye hotuba uondoke mkono mtupu, watu wakuone.

"Na nafasi?" Nchagwa aliuliza. "Nafasi nitaitoa?"

Filemoni alifikiri. "Nafasi si mbaya. Nafasi isiyo na mwenyewe ndiyo mbaya. Iandike ni ya nani."

Rukaya alipopelekewa masharti yale aliguna, kisha akavutiwa, maana fundi akikatazwa vitu vingi ndipo ufundi unapoamka. Aliondoa nembo. Aliondoa namba. Badala ya mistari na vidoti aliweka masanduku manne makubwa yenye ukingo mnene, na juu ya kila sanduku akaandika swali moja ambalo hakuna mtu Bomani wala kwenye ofisi ya Umoja kule Mugumu angeweza kumjazia mwenye shamba. Kwenye ua dume: Kijiti changu nitakikata mti gani? Kwenye panga: Panga langu nitalichomea wapi, na nani mwingine analitumia? Kwenye kukata: Migomba yangu inayoumwa iko upande gani? Hapo alichora mgomba mmoja tu pembeni, sanduku lenyewe akaliacha wazi kabisa ili mtu achore shamba lake akitaka. Kwenye miche: Nitaomba miche kwa nani, na nimeliona shamba lake?

Chini kabisa, palipokuwa na sahihi, aliandika: Karatasi hii ni mali ya aliyeishika. Hairudishwi.

"Na wewe mzee wangu," alisema akimkabidhi, "ukifika mwisho wa kila sanduku, unyamaze."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kalamu zisimame."

"Huo ni muda mrefu."

"Ndiyo maana nakuombea."

Watu walirudi mara ya pili kwa sababu Filemoni alikuwa ametangaza kwamba karatasi imepita baraza. Alikaa mbele, mikono imekunjwa, kama aliyeizaa. Nchagwa naye alikuja na mpango wa siri uliobuniwa na mkewe: sahani ya ndizi mbivu mezani. Alisema jambo la kwanza, akaeleza kwa nini kijiti na si panga, kwa nini mapema na si baadaye, akafika mwisho wa sanduku, akamenya ndizi, akaiingiza yote mdomoni.

Darasa likamtazama. Mashavu yalijaa. Hakuna neno lililoweza kupita.

"Ameshindwa?" mtu alinong'ona.

"Anakula," alisema Wegesa. "Tuandike kabla hajameza!"

Vicheko vikapasuka, na kalamu zikaanza. Aliyejua kuandika aliandika, asiyejua alichora, wengine waliandika Kikurya kwa tahajia ya kujitungia. Mzee mmoja alikuwa anamuuliza jirani yake kwa sauti kama shamba la shemeji ni safi, na shemeji alikuwa amekaa dawati la nyuma, kwa hiyo sanduku la nne lilijadiliwa kwa ukali kuliko yote. Nchagwa alitafuna. Macho yalimtoka kwa maneno aliyokuwa nayo. Alipotaka kumeza mapema, Waisiko alimpa ndizi nyingine.

Mwishoni alisimama mlangoni, akageuza mfuko wake nje ndani, watu wakaona hakuna karatasi hata moja. Filemoni alithibitisha kwa kuupapasa.

Philomena alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, na Nchagwa alikatazwa kumfuata. Alimfuata kwa macho tu, akiwa amepanda juu ya kichuguu. Kwa Wegesa, Philomena aliikuta karatasi imebandikwa kwa ugali kwenye ukuta wa jiko, ina ramani ya shamba, na mgomba mmoja umechorwa msalaba kama wa kaburini. Alipokwenda shambani akakuta kisiki kimekatwa usawa wa ardhi pale palipo na msalaba. Kwa shemeji wa dawati la nyuma akakuta sanduku limeandikwa: Si kweli, shamba langu safi, njooni muone. Nyumba nyingine alikuta imeandikwa: Nchagwa anasema sana lakini panga anachoma kweli. Na kwingine kulikuwa na picha ya mtu mwenye mashavu makubwa, haikuhitaji maelezo.

Kwa Filemoni alikwama.

"Naomba kuiona karatasi yako, mzee."

"Hapana."

"Naitazama tu."

"Binti yangu, unajua kusoma? Mali ya aliyeishika. Hairudishwi. Na kama hairudishwi, haikaguliwi." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimwonyesha kijiti chake chenye panda kilichoegemea mlango, na mafiga matatu kando ya shamba anapochomea panga, na akamtajia mambo manne kwa mpangilio, akinyanyua kidole kwa kila moja.

Philomena alishuka kilima akicheka peke yake. "Nimegawa karatasi tangu nianze kazi," alimwambia Nchagwa. "Hii ni ya kwanza mtu kuninyima. Kazi ni yako. Subiri barua."

Barua ilikuja kutoka ofisi ya Umoja, Mugumu, ikiwa na muhuri mara mbili. Nchagwa aliisoma kwa sauti, Waisiko akisikiliza huku anachambua maharage. Ameteuliwa mkufunzi. Waisiko akapiga kigelegele. Ataanzia Ringwani. Kigelegele tena. Ila uongozi umeipitia karatasi na kuona kuwa nafasi zilizo wazi ni upotevu wa karatasi. Kwa hiyo masanduku yajazwe kama ifuatavyo: la kwanza picha ya mwenyekiti, la pili ujumbe wa mwenyekiti, la tatu nembo za wafadhili, la nne jina la msikilizaji, namba ya simu na sahihi. Mkufunzi athibitishe kwa maandishi kuwa ameafiki. Asipoafiki, nafasi yake itajazwa na mwingine.

Kuku walipita kati yao. Hakuna aliyewafukuza.

"Thibitisha," alisema Waisiko hatimaye. "Kazi uliitaka, Baba Gati. Ukishafika Ringwani nani atajua unagawa ipi?"

"Watajua wa Ringwani. Watachora kona hadi kona, na mimi nitabaki na mwenyekiti amechorwa mstari usoni."

"Basi hilo nalo lingependeza."

Nchagwa alicheka, kisha akaacha. Alitoka nje, akazunguka migomba yake, akarudi akaomba kalamu. Kwa mara ya kwanza maishani alifuta zaidi ya alichoandika. Kesho yake aliipeleka Bomani kwa Rukaya aipige chapa, naye Rukaya akaisoma kwa sauti kila neno, kwa kuwa hakuamini ni fupi hivyo:

"Ndugu Katibu. Uteuzi nimeupokea kwa furaha. Picha ya mwenyekiti naweza kuibandika ukutani, mahali watakapomwona vizuri. Majina na sahihi mnayohitaji kwa hesabu zenu, yawekwe kwenye karatasi nyingine ya mahudhurio, ipite peke yake, yenye maneno 'nimehudhuria' na hakuna nafasi juu yake. Wafadhili waende nyuma ya karatasi, kwa herufi hafifu, wasichungulie mbele. Masanduku manne yabaki wazi. Siyo yenu na siyo yangu. Kama hayabaki, mtafuteni mwingine, nami nitamsaidia kubeba. Nchagwa Mseti, mkulima."

"Hujaweka salamu za mwisho," alisema Rukaya.

"Nimezikata."

"Wanaweza kukukatalia, mzee wangu. Hawa watu wanapenda picha zao."

"Najua. Sikulala kwa kulijua."

Alitia sahihi, chini kabisa, bila nafasi yoyote juu yake. Rukaya alikunja barua mara tatu. Akachukua bahasha, akaandika anwani ya Mugumu kwa mwandiko wa kadi za harusi, akaipaka gundi. Nchagwa aliibana kwa kiganja chake juu ya meza mpaka ikashika, akavuka barabara nayo hadi ofisi ya basi la Mugumu, akamkabidhi karani wa vifurushi, na akasimama hapo akimtazama anavyoitupa kwenye mfuko wa barua na kuufunga kamba.